Mdogo ndiye huumia zaidi?

"Baba alifutwa kazi 1974, tukiishi Makadara. Mimi nilikuwa na miaka 4, kaka 13. Mbona leo mimi ndiye mwenye presha na wasiwasi usioisha, yeye mzima?"

Ndugu yangu, angalia hiyo miaka 9 kati yenu. Mwanasosholojia Glen Elder alilinganisha watoto wa Kalifonia waliopitia mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930. Waliozaliwa 1920–21 walikuwa tayari vijana: walifanya vibarua, wakaleta senti nyumbani, wakajiona wana maana. Waliozaliwa 1928–29 walikuwa wadogo, wa kutegemea tu. Kati ya hawa wadogo, wavulana ndio walioumia zaidi, maana shida iliwafikia kupitia hasira za baba. Wasichana wadogo walisogea karibu na mama, wakapona kiasi.

Kaka yako pengine alibeba mizigo Gikomba, akarudi na pakiti ya unga, mama akamshukuru. Wewe ulibaki nyumbani ukisikiliza mlango ukibamizwa.

Lakini huo ni wastani tu, si hukumu. Wengi wa wale wavulana wadogo walijikwamua baada ya kujiunga na jeshi, wakiwa mbali na nyumbani. Wewe ulitoka kwenu ukiwa na miaka mingapi? Na hiyo presha ipimwe kliniki, usiiachie historia.