Lamba hizo kapsuli kabla hujamgawia mtu yeyote

"Wakuu, naanza utafiti wa unga wa bizari ya manjano kwa maumivu ya goti, wagonjwa 60. Nusu wanapata kapsuli za manjano, nusu kapsuli za wanga. Nigawe kwa kurusha sarafu au kwa siku za kliniki? Nahitaji wagonjwa wangapi ili p ishuke chini ya 0.05? Na nitumie jaribio gani la takwimu? Upofu hauna shida, kapsuli zote ni nyeupe na hatutawaambia."

Mkuu, hiyo sentensi ya mwisho imenitonesha kidonda. Neno kwa neno ndiyo niliyoiandika mimi kwenye pendekezo langu la utafiti, na mtu mwenye shahada nyingi kuliko mashati yangu akaipigia tiki.

Mimi ilikuwa tangawizi. Goti hilohilo, wagonjwa 80, 40 kila upande, wiki sita, kila mmoja anataja maumivu yake kuanzia 0 hadi 10. Kapsuli tulijaza wenyewe usiku, mimi na msaidizi wangu: upande mmoja unga wa tangawizi, upande mwingine wanga. Rangi ileile, ukubwa uleule, chupa ileile. Aliyetuuzia maganda alituapia kwamba hata yeye akichanganyiwa hawezi kuzitofautisha, nasi tukamwamini, kana kwamba yeye ndiye atakayezimeza kwa wiki sita.

Kuhusu kugawa, nijibu haraka: usigawe kwa siku za kliniki. Anayepokea wagonjwa akishajua kwamba Jumanne ni zamu ya manjano, yule bibi aliyemwonea huruma atapangiwa Jumanne. Mtu asiyewaona wagonjwa atengeneze orodha ya bahati nasibu kwa kompyuta, kila jina la upande liingie kwenye bahasha isiyopenyeza mwanga yenye namba, na bahasha ifunguliwe mgonjwa akishasajiliwa. Hilo sisi tulifanya vizuri kabisa. Ndilo lililotupa kiburi.

Matokeo yakaja. Wote walianza na wastani wa 6.8. Kundi la wanga lilishuka hadi 4.9, la tangawizi hadi 3.9. Tofauti ni alama 1 kamili, p ikasoma 0.03. Nilipiga kelele hadi mlinzi akaja kuchungulia. Nilishaanza kutunga kichwa cha habari.

Siku ya kutetea kazi, mtahini mmoja mkimya, ambaye nilidhani amesinzia, akauliza kitu kimoja: "Wagonjwa walidhani wamepewa nini?"

Kwa bahati, na naomba usinipongeze maana haikuwa akili, msaidizi wangu alikuwa ameongeza swali hilo kwenye fomu ya wiki ya kwanza kwa udadisi wake tu: unadhani umepewa ipi, na kwa nini? Fomu zilikaa kwenye boksi, hakuna aliyezigusa. Nikapewa wiki mbili nikazifungue.

Katika 40 wa tangawizi, 31 walisema "nimepewa tangawizi". Katika 40 wa wanga, 27 walisema "nimepewa ile isiyo na kitu". Kama upofu ungeshika, yaani kama wasingejua wamepewa ipi, ungetegemea pande zote mbili zibahatishe kwa namna inayofanana. Ila kilichonimaliza ni ile sehemu ya "kwa nini". Mama mmoja aliandika: "Nikibeua, harufu inarudi." Mwingine: "Kifuani panawaka." Mzee wa upande wa wanga aliandika: "Jirani yangu anabeua tangawizi, mimi sibeui." Wakati sisi tunalinda bahasha kama hati za siri, wagonjwa walikuwa wanalinganisha mbeuo kwenye benchi la kusubiria.

Sasa angalia nilichokiona nilipowapanga upya kwa imani zao. Wa tangawizi walioamini wanayo tangawizi walishuka alama 3.2. Wale 9 wengine wa tangawizi, waliokosea au wasiojua, walishuka 1.9 tu. Wa wanga waliojua kwamba ni wanga walishuka 1.5. Na wale 13 wengine wa wanga, ambao wengi wao waliamini wanakula tangawizi? Walishuka 2.7. Yaani mtu wa wanga anayeamini alipona kuliko mtu wa tangawizi asiyeamini. Makundi ya watu 9 na 13 ni madogo, siwezi kuapa juu yake, lakini ukilitazama jedwali lile, maumivu yalikuwa yanafuata imani ya mtu kuliko kilichokuwemo kwenye kapsuli yake.

Na p yangu ya 0.03 ilikuwa ileile. Haikutikisika. Hapa ndipo nataka usome polepole, maana ndipo nilipodanganywa na waliokuwa wananifundisha. Mimi niliambiwa 0.03 maana yake ni kwamba uwezekano wa dawa kutofanya kazi ni asilimia 3. Si kweli. 0.03 inasema hivi: tuchukulie kwamba pande mbili hazina tofauti yoyote isipokuwa ile ya bahati nasibu ya nani kaangukia wapi, basi tofauti kubwa kama hii, au zaidi, ingejitokeza kama mara 3 katika majaribio 100 ya namna hiyo. Basi. Inakusaidia kuitilia shaka bahati peke yake. Haikuambii ni nini kilichobaki baada ya bahati kuondoka. Kwangu kilichobaki kilikuwa tangawizi, au imani inayoletwa na mbeuo, au vyote viwili, na hesabu haina pua ya kutofautisha.

Ndiyo maana swali lako la "nahitaji wangapi ili p ishuke" linanitia jasho. Upofu ukiwa umevuja, kuongeza wagonjwa hakutibu kitu. Kama imani peke yake inaleta tofauti ya alama 1, wagonjwa 800 watakupa alama 1 ileile na p ndogo ya kutisha, na utakuwa na uhakika zaidi wa jambo ambalo hukulipima.

Usidhani ni sisi wanyonge tu. Mwaka 1975 kilichapishwa kisa cha Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, zilizowapa wafanyakazi wao vitamini C kuona kama inapunguza mafua. Plasibo, ile kapsuli isiyo na dawa, ilikuwa laktosi, sukari ya maziwa. Vitamini C ni chachu, laktosi ina utamu. Waliojitolea wakatafuna kapsuli, wakaonja, wakajua. Mwanzoni ilionekana vitamini C inafupisha mafua kidogo. Walipowaangalia peke yao wale ambao hawakuwa wamekisia, tofauti ile ikapotea. Taasisi kubwa namna ile iliangushwa na ulimi. Ningekisoma kisa hicho kabla ya kununua tangawizi, leo ningekuwa nakujibu kwa upole.

Na tusisingizie plasibo kila kitu. Ule mshuko wa 1.9 kwa watu wa wanga si nguvu ya imani yote. Mtu huja kliniki siku goti limemzidi. Ungemwacha bila kumpa chochote, wiki sita baadaye wengi wangekuwa na nafuu kiasi kwa sababu maumivu hupanda na kushuka yenyewe. Pande zote mbili zinabeba nafuu hiyo sawasawa, na ndiyo kazi ya kuwa na kundi la kulinganisha. Imani nayo inatakiwa ibebwe sawasawa. Upofu ukivuja, imani inahamia upande mmoja, na hapo ulinganisho umekufa hata kama bahasha zako ni safi.

Sasa manjano yako. Mkuu, wewe umechagua kibaya kuliko mimi! Tangawizi yangu ilisubiri hadi mtu abeue. Manjano yanashika vidole. Vumbi lake linakaa nje ya ganda, linachafua pamba ya chupa, linapaka ulimi kapsuli ikikwama. Mgonjwa mdadisi akivuta ganda mara moja tu, ameshajua, na kesho benchi zima limejua.

Kwa hiyo kabla ya mgonjwa wa kwanza, fanya nilichokuja kukifanya mimi baada ya mgonjwa wa themanini. Tafuta watu 12 wasiohusika na utafiti. Kila mmoja mpe kapsuli tatu, mbili za aina moja na moja ya aina nyingine, zikiwa zimechanganywa, umwambie atoe iliyo tofauti. Kwanza kwa macho, kisha kwa kunusa amefumba macho, kisha kwa kulamba nje ya ganda. Kwa kubahatisha, wanne hivi kati ya 12 watapatia. Wakipatia 8 au zaidi, usianze. Wangu walipatia 11, kwa pua tu. Yule wa kumi na mbili alikuwa na mafua.

Ukifeli jaribio hilo, una njia kadhaa. Plasibo ipakwe rangi ya manjano isiyo na dawa, ndani na si ganda tu. Ganda liwe zito lisiloonyesha, lifutwe vumbi kwa kitambaa kabla ya kuingia chupani. Chupa za pande zote mbili ziwekewe kipakiti kidogo cha unga uleule wa manjano ili zinuke sawa. Wengine hutia kiasi kidogo sana cha dawa yenyewe kwenye plasibo ili ladha ifanane. Inafanya kazi, lakini uwe tayari kueleza kwamba kiasi hicho hakitibu, la sivyo utakuwa unalinganisha dawa na dawa. Halafu subiri siku mbili chupa zikiwa zimefungwa, uzifungue, unuse tena. Harufu inahama. Na anayemuuliza mgonjwa kuhusu maumivu asiwe yule aliyempa chupa.

Swali la "unadhani umepewa ipi" uliza mapema, siku chache baada ya dozi za kwanza, kabla nafuu haijaanza, na sababu aiandike. Ukiuliza mwisho pekee, aliyepona atasema "dawa" kwa sababu amepona, na hutajua kama upofu ulivuja au dawa imefanya kazi kweli. Mimi niliokolewa na neno "nikibeua". Angeandika "goti limepoa", hadi leo ningekuwa nazunguka na ile 0.03 yangu kifua mbele.

Uliuliza pia jaribio gani la takwimu. Nimeandika hadi simu inakata chaji na sijafika huko. Kapsuli za majaribio umeshajaza? Kama zipo, fungua chupa mbili sasa hivi, fumba macho, nusa, kisha rudi hapa uniambie.