Sabuni bafuni: ya ukutani, ya pampu au ya kipande?

Fundi, jirani kaniambia sabuni ya kipande inayoshikwa na watoto wote inaambukiza magonjwa, niitupe ninunue ya pampu. Ni kweli? (Mama wa watoto wanne, Tabata)

Usiitupe, mama. Jirani hajakosea kwamba kipande kilicholowa kina bakteria juu yake, ila hilo peke yake si ugonjwa. Mwaka 1988 watafiti wawili wa Marekani walivipaka vipande vya sabuni bakteria kwa makusudi, wengi kuliko wanaopatikana kwenye kipande cha kawaida, kisha wakawapa watu 16 wanawe navyo. Walipowapima mikono, wale bakteria hawakuonekana kwa hata mmoja. Watafiti wenyewe walikuwa waajiriwa wa kampuni ya sabuni, kwa hiyo usiyafanye matokeo yao msahafu, lakini sababu yake inaeleweka: kinachotoka kwenye kipande kinaondoka na povu, povu linaondoka na maji.

Kipande chako kina adui mwingine, nao ni maji yanayotuama chini yake. Kinyanyue asubuhi kabla mtu hajanawa, ukibonyeze upande wa chini kwa kidole gumba. Kidole kikizama kama kwenye uji mzito, kisahani chako hakichuji. Hapo nusu ya sabuni unayonunua inayeyuka bure bila kunawisha mtu.

Mwenye jipu au kidonda kinachotoa maji mpe kipande chake, mpaka apone.

Chupa ya pampu ya mililita 500 kwangu haimalizi siku nne. Tuko watano tu. Nifanye nini? (Baba, Mbagala)

Kwanza tuihesabu. Chukua sindano ya plastiki ya kunyweshea watoto dawa, bonyeza pampu mara 10 kwenye kikombe, kisha uvute sabuni uone ni mililita ngapi. Pampu nyingi za sokoni hutoa kati ya mililita 1 na 2 kwa mbonyezo. Tuseme yako inatoa 2. Chupa nzima ni mibonyezo 250. Watu watano wakinawa mara 6 kwa siku ni kunawa mara 30, na kila mtu akibonyeza mara moja chupa ingefika siku ya nane. Kwako inaisha siku ya nne, maana yake kila anayenawa anabonyeza mara mbili. Na mimi nina wajukuu, najua ni nani anayebonyeza mara tano huku akicheka.

Usiwagombeze, fupisha safari ya pampu. Bonyeza kichwa mpaka chini uangalie kishina kinavyozama kwenye shingo ya chupa. Zungushia kishina hicho raba ya kufungia nywele, mizunguko mitatu au minne, mpaka kichwa kiwe kinashuka nusu tu ya mwanzo. Sasa mbonyezo mmoja unatoa mililita 1 hivi, inayotosha mikono ya mtoto, na hata akibonyeza mara mbili hajazidisha kitu. Nyumba yako itarudi kwenye siku nane bila kelele.

Kuna pampu za povu pia, zile zenye kichwa kinene chenye wavu ndani. Zinatumia sabuni nyepesi kidogo kidogo na watoto wanazipenda. Ila ukiziwekea sabuni nzito ya kienyeji, wavu unaziba ndani ya wiki.

Shikamoo fundi. Bibi yangu anajaza kopo la sabuni la ukutani kila linapokaribia kuisha, anaongeza na maji kidogo iwe nyingi. Siku hizi inanuka kama matope. Tatizo ni sabuni? (Mwanafunzi, Moshi)

Marahaba, mwanangu. Tatizo ni huko kujazia. Bibi anabana matumizi kama alivyozoea, lakini hapa anajitengenezea kazi.

Sabuni ya maji ina dawa ya kuzuia isioze, iliyopimwa kwa ujazo ule uliotoka dukani au kwa mtengenezaji. Ukiongeza maji ya bomba unaipunguza nguvu dawa hiyo, na hapo hapo unaingiza vijidudu vya kwenye tangi. Halafu hamalizi. Kila mara kunabaki vidole viwili vya sabuni ya zamani chini, na juu yake inamiminwa mpya. Baada ya miezi kadhaa kuta za kopo na mrija vinashika ute mwembamba, utelezi ambao kwa macho huuoni, lakini ukipitisha kidole ndani unausikia. Wanaoishi humo ndio wanaonuka.

Ndiyo maana mimi nikiulizwa kipi kichafu kati ya kipande na kopo la kujazwa, nalitaja kopo. Mwaka 2011 ulitoka utafiti uliofanyika katika shule moja ya msingi Marekani, ambako makopo yote 14 ya kujazwa yalikutwa na bakteria. Wanafunzi na wafanyakazi walionawa kwa sabuni hiyo walitoka na bakteria wengi zaidi mikononi kuliko walivyoingia nao. Kwa mtu mzima wa afya njema haliwi jambo kubwa. Kwa bibi mwenye kidonda, au nyumba yenye kichanga, sitaki kubahatisha.

Fanya hivi. Mwaga sabuni yote, usiionee huruma. Fungua kopo, toa pampu na mrija, suuza kwa maji ya moto mpaka povu liishe, kisha sugua mrija kwa brashi nyembamba au uzi wa sufu uliofungwa kwenye kijiti. Loweka kwenye maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, kijiko kikubwa kimoja kwa lita nne, kwa nusu saa, huku ukibonyeza pampu mara kadhaa ili maji yapite ndani. Klorini usiichanganye na siki, hewa inayotoka hapo ni sumu. Suuza, halafu anika kila kitu mpaka kikauke kabisa. Watu wengi wanairuka hatua hii ya kukausha, wakati huo ute unapenda unyevu kuliko kitu chochote.

Harufu ikirudi baada ya wiki chache, kopo hilo limeshashika. Litupe. Na kuanzia hapo mnunulie bibi chupa mbili za kawaida za pampu: moja iko kazini, nyingine imeoshwa inakauka dirishani. Ikiisha kabisa zinabadilishana. Kama anataka sabuni iwe nyepesi, achanganye kiasi cha siku mbili tatu kwenye kichupa kidogo, si kopo zima.

Mwenye nyumba hataki kuta zitobolewe. Nimenunua kopo la kubandika, limedondoka mara mbili. (Mpangaji, Sinza)

Dada, angalia linabonyezwa kuelekea wapi. Kopo la kubonyeza kwenda chini linavuta gundi ichubuke kila mtu anaponawa, na likiwa na lita nzima ndani linabeba kilo moja juu ya hapo. La kusukuma kuelekea ukutani linajikandamiza lenyewe. Ukinunua tena, chukua hilo la pili, tena dogo.

Bandika kwenye marumaru inayong'aa tu. Ukutani penye rangi gundi haiachii rangi, rangi ndiyo inaachia ukuta. Futa mahali hapo kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke safi, bandika, kandamiza, kisha likae siku nzima tupu kabla hujaweka sabuni. Hiyo siku moja ndiyo watu wanaishindwa.

Ukweli wangu lakini: kama sinki lina ukingo wa kutosha kuweka chupa, weka chupa. Chini yake tandika kisahani, kwa sababu kitako cha chupa kikikaa kwenye maji kinaacha duara la uchafu unaoganda.

Nyumba ni yangu, nataka la ukutani la kufunga kwa skrubu. Nilipime wapi? (Mama, Morogoro)

Mdomo wa kopo uwe juu ya sinki, sio pembeni. Matone yakianguka sakafuni yanateleza, na bafu la familia halikosi mtoto anayekimbia. Kati ya ukingo wa sinki na mdomo acha sentimita 20 hivi, mkono upite. Kama ukingo upo sentimita 80 au 85 kutoka chini, mtoto wa miaka mitano anafika. Mdogo zaidi mpe kigoda.

Kitu kinachosahaulika ni kifuniko. Nimeshaitwa kwenye nyumba ambako kopo lilifungwa vizuri, limenyooka, chini kabisa ya rafu ya kioo. Lilipoisha sabuni kifuniko hakikufunguka. Tukalitoa, na marumaru ikabaki na matundu mawili. Kwa hiyo kabla ya kutoboa, lishike ukutani kwa mkono na ulifungue kama unajaza.

Usitoboe kwenye mstari wa bomba, yaani juu au pembeni ya koki moja kwa moja. Bandika selotepu ya karatasi kwenye alama ili biti isiteleze, tumia biti ya marumaru, na drili iwe inazunguka tu, bila kugonga, mpaka uvuke marumaru. Ukigonga mapema marumaru inapasuka. Mbali na kingo zake pia, sentimita tatu angalau. Weka fisha, dondoshea silikoni kidogo tunduni ili maji yasiingie ukutani, na skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Maji yetu ni ya kisima, yana chumvi. Sabuni ya kipande haitoi povu na sinki linabaki na utando mweupe. (Kigamboni)

Hapo chupa ya pampu inashinda. Madini ya maji magumu yanashikana na sabuni ya kipande na kuwa huo utando, unapoteza sabuni kabla haijafika kwenye uchafu. Sabuni nyingi za maji zimetengenezwa kwa malighafi nyingine, ile slesi na wenzake, zisizoganda hivyo. Utando uliopo uondoe kwa siki, tena siku ambayo hujatumia klorini.

Na kisahani cha kipande, kipi kizuri? (Baba mwingine, Mbagala)

Chenye miiba au mbavu ndefu na matundu yanayomwagia ndani ya sinki. Vile visahani vya udongo vilivyojengwa ukutani kwenye mabafu ya zamani ni vizuri kwa macho, lakini vingi vinashika maji kama kikombe. Ukiwa nacho, weka ndani kipande cha wavu au spongi ngumu iliyotobolewa. Weka mbali na bomba la mvua. Ukinunua mche mrefu, ukate vipande na uvianike wiki moja au mbili kivulini kabla ya kutumia. Vinakuwa vigumu na vinachelewa kuisha. Kwangu kipande kipo bafuni kwa kuogea, na sinkini ipo chupa. Kopo la ukutani nilishalitoa, matundu yake nimeyaziba kwa silikoni nyeupe, ukiangalia vizuri bado yanaonekana.