Maswali na majibu: opsheni za dakika tano na bonasi isiyotoka

Nacheza opsheni za binari, yaani kubashiri kama bei itapanda au kushuka ndani ya dakika tano, na tovuti inalipa asilimia 80 nikipatia. Nikipatia nusu ya mara, si niko salama?

Hapana, hela yako inaisha taratibu. Tuseme unaweka dau la dola 10. Bei ikienda ulikosema unaongezewa dola 8, ikienda kinyume zinaondoka 10 zote. Sasa weka madau 100 ya namna hiyo. Ukipatia 50, umeingiza dola 400 na kupoteza 500. Ukipatia 55 bado una hasara ya dola 10. Faida inaanza kwenye 56, nayo ni dola 8 tu baada ya madau yote hayo. Ndani ya dakika tano bei hupanda na kushuka bila mwelekeo wa kutegemea, kwa hiyo kuifikia 56 mara kwa mara ni vigumu mno.

Kuna jambo zito zaidi. Kwenye tovuti nyingi za opsheni za binari, anayepokea dau lako ni tovuti yenyewe. Ukipoteza, imepata. Na bei unayoiona kwenye skrini inatoka kwenye programu yao. Wasimamizi wa masoko wa Marekani wamewahi kuonya kuhusu tovuti zinazochezea programu: dau likiwa linashinda, muda wa kufunga unasogezwa mbele mpaka ligeuke hasara.

Opsheni za soko la hisa zina tofauti gani? Nazo si ni kubashiri?

Kubashiri kumo, ila unachonunua ni kitu kingine. Unanunua haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyopangwa, kabla ya tarehe fulani. Kwa mfano, hisa iko dola 50. Unanunua haki ya kuinunua kwa 52 ndani ya siku 45, na ada yake ni dola 1.20 kwa hisa. Marekani mkataba wa kawaida hubeba hisa 100, kwa hiyo unalipa dola 120, mbali na kamisheni ya dalali.

Siku ya mwisho hisa ikiwa 56, haki yako ina thamani ya dola 400 na umepata faida ya 280. Ikiwa 52.50, unarudishiwa 50 na umepoteza 70. Ikiwa 52 au chini yake, 120 zote zimekwenda. Lakini katikati ya safari unaweza kuiuza kwa bei ya soko ukaokoa sehemu ya hela. Aliyekuuzia ni mshiriki mwingine wa soko, dalali wako hafaidiki na hasara yako, na kati yenu inasimama taasisi inayodhamini malipo.

Onyo: hapa tunazungumzia kununua. Kuuza opsheni bila kumiliki hisa kunaweza kukutia hasara kubwa kuliko ada uliyopokea, na anayeanza ajiepushe nako.

Nimeweka dola 250, wakanipa bonasi ya 250. Kwa nini siwezi kutoa hela?

Soma masharti ya bonasi, utafute neno mzunguko. Mara nyingi wanataka uweke madau ya jumla ya mara 30 ya bonasi kabla ya kutoa chochote, yaani dola 7,500. Kwa malipo yale ya asilimia 80, anayepatia nusu hupoteza wastani wa dola 10 kwa kila 100 anazoweka. Kwenye 7,500 hiyo ni dola 750, na akaunti yako yote ina 500. Ndiyo maana meneja wa akaunti hupiga simu kukusihi uipokee bonasi.

Sasa wanasema nilipe kodi kwanza ndipo wanitumie faida.

Usilipe. Dalali halali akitakiwa kukata kodi, huikata kwenye salio lako. Haombi hela mpya. Ukilipa hiyo, kesho itakuja ada ya uhakiki. Kama waliwahi kukuwekesha programu ya kuongoza simu au kompyuta yako kwa mbali, iondoe sasa, kisha ubadilishe nywila za benki ukitumia kifaa kingine. Piga picha za skrini za salio, jumbe na risiti kabla hawajafunga akaunti. Kama ulilipa kwa kadi, iombe benki irudishe malipo mapema, maana kuna muda wa mwisho. Na atakayekupigia akidai atakurudishia hela kwa ada ya awali, mara nyingi ni tapeli yuleyule au mtu aliyenunua namba yako kwake.

Tovuti ina namba ya leseni. Inatosha?

Haitoshi, namba huibwa. Andika mwenyewe anwani ya mamlaka ya masoko, usibonyeze kiungo chao. Tafuta jina la kampuni kwenye rejista, kisha linganisha anwani ya tovuti na namba ya simu, herufi kwa herufi. Uingereza ilipiga marufuku kuwauzia wawekezaji wa kawaida opsheni za binari tangu Aprili 2019, kwa hiyo tovuti inayomuuzia mtu wa kawaida opsheni hizo na kudai leseni ya huko inajianika yenyewe. Marekani zinaruhusiwa, lakini kwa umma ni zile za kwenye masoko yaliyosajiliwa, na CFTC, mmoja wa wasimamizi wa masoko wa Marekani, ina orodha iitwayo RED List ya kampuni za nje zinazofanya kazi bila usajili unaotakiwa. Kukosekana kwenye orodha hiyo si kibali. Anza na rejista.