Nina nakala ya BL, lakini wakala wa meli hanipi mzigo

Swali: Nimeagiza kontena moja la futi 20 la vigae kutoka Foshan, China. Nimelipa asilimia 30, zilizobaki tulikubaliana nilipe nikishaona BL. Muuzaji amenitumia picha ya BL kwa WhatsApp, na jina langu limo. Sasa meli imefika Dar, wakala wa meli anasema bila orijino hatoi mzigo. Kwani mzigo si wangu? Na nikikuta vigae vimevunjika, nimdai nani? – Mfanyabiashara, Kariakoo

Jibu: Ndugu yangu, fungua tena hiyo picha ya BL, yaani hati ya shehena ambayo kampuni ya meli humpa aliyeleta mzigo, uangalie jina lako limekaa kwenye kisanduku kipi. Upande wa kushoto juu kuna visanduku vitatu vinavyofuatana: cha mtumaji, cha mpokeaji na cha mtu wa kuarifiwa. Kwa jinsi ulivyoeleza malipo yenu, nategemea utakuta muuzaji ni mtumaji, kwenye kisanduku cha mpokeaji pameandikwa TO ORDER, na wewe uko kwenye kile cha tatu. Mtu wa kuarifiwa haki yake ni kupewa taarifa kwamba meli imefika, basi. Hapewi mzigo kwa sababu ya kuwemo kwenye kisanduku hicho, hata kama anwani yake, simu yake na TIN yake vyote vimeandikwa bila kosa.

Maneno TO ORDER yanamaanisha mzigo utolewe kwa amri ya mtu fulani. Asipotajwa mtu, amri ni ya mtumaji. Kwa hiyo muuzaji wako anapaswa kugeuza orijino, asaini na kugonga muhuri mgongoni, kisha karatasi hiyo ikufikie mkononi. Akisaini bila kutaja jina, yeyote aliyeishika orijino anaweza kuupokea mzigo. Akiandika jina lako, ni wewe tu, au mtu ambaye wewe nawe utamsainia. Hii ndiyo sababu wafanyabiashara na mabenki wanaiheshimu BL kuliko ankara. Mzigo ukiwa katikati ya bahari unaweza kuuzwa au kuwekwa rehani benki kwa kupokezana karatasi tu, bila mtu kugusa kontena.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hulichanganya. BL haikufanyi kuwa mwenye mali kwa yenyewe. Umiliki wa vigae unahama kufuatana na mkataba wenu wa mauziano. BL inakupa haki ya kumwambia mwenye meli: nipe mzigo huu, mimi na si mwingine. Wewe umelipa asilimia 30, na hiyo inakupa madai halali kwa muuzaji, lakini haikupi madai yoyote kwa mwenye meli, maana orijino bado iko Foshan. Muuzaji akikosana nawe leo, anaweza kumsainia mfanyabiashara mwingine wa hapo hapo Dar. Itabidi manifesti, ile orodha ya mizigo ya meli, irekebishwe forodhani na kuna gharama zake, ila inawezekana.

Wakala wa meli naye hakufanyii roho mbaya. Kule China, kampuni ya meli iliahidi kwa maandishi kwamba mzigo utatoka kwa atakayeleta orijino. Akikupa wewe bila orijino, kisha mwenye orijino akajitokeza, kampuni italipa thamani ya mzigo wote kutoka mfukoni mwake. Kuna kesi maarufu iliyoamuliwa mwaka 1959 na Baraza la Rufaa la London, kutoka Singapore. Vipuri vya baiskeli vilitumwa kutoka Uingereza, BL zikapelekwa benki ili mnunuzi azichukue akishalipa. Mnunuzi hakulipa. Alikwenda kwa mawakala wa meli na barua ya dhamana iliyosainiwa na benki nyingine, nao wakampa mzigo. Muuzaji akamshitaki mwenye meli. Mwenye meli akajitetea kwa kifungu cha BL kilichosema wajibu wake unakoma mzigo ukishashushwa. Majaji walikikataa kifungu hicho, kwa sababu kumpa mzigo mtu ambaye unajua hana BL ni kuvunja kiini cha mkataba wenyewe. Mwenye meli akawajibika, na benki iliyosaini dhamana ikabaki na jukumu la kumfidia mwenye meli. Tangu hapo, wakala anayejua kazi yake hakubali picha ya simu, hata ukiwa mteja wake wa miaka mingi.

Sasa ufanyeje? Usitume asilimia 70 kwa kuona picha peke yake. Kwanza chukua namba ya BL na namba ya kontena, ziingize kwenye tovuti ya kampuni ya meli, uone kama ni kontena lile lile, meli ile ile, na bandari ya mwisho ni Dar es Salaam. Picha ni rahisi kuchezewa, rekodi za kampuni ya meli si rahisi. Kisha mchague njia moja kati ya mbili.

Njia ya kwanza ni karatasi yenyewe. Kwa kawaida orijino hutolewa tatu, na mbele pameandikwa idadi yake. Moja ikishatumika kuchukulia mzigo, zilizobaki zinakufa. Maana yake anayefika na moja tu anaweza kuchukua mzigo wote, kwa hiyo dai zote tatu. Mahakama ya juu ya Uingereza ililisema hili mwaka 1882 katika kesi ya sukari iliyotoka Jamaika. Mwenye mzigo aliweka rehani benki karatasi ya kwanza, kisha akatumia ya pili kuutoa mzigo. Ghala lililoutoa kwa nia njema, bila kujua habari za rehani, halikuwa na kosa, na benki ikapoteza. Ukitumia njia hii, benki yako na ya muuzaji zinaweza kusimama katikati: yeye anapeleka seti nzima benki, wewe unalipa, benki inakukabidhi. Kasoro yake ni muda, kwa sababu bahasha ikisafiri, kontena lako linakula tozo bandarini.

Njia ya pili ni teleksi, jina lililobaki ingawa siku hizi ni ujumbe wa kompyuta. Muuzaji anarudisha orijino zote kwenye ofisi ya meli kule alikopakia, na ofisi hiyo inaiambia ofisi ya Dar itoe mzigo kwako bila karatasi. Ni ya haraka, lakini angalia mpangilio wake. Muuzaji hatarudisha orijino kabla hajalipwa, kwa sababu akishazirudisha hana tena cha kukushikia. Nawe ukilipa kwanza, unategemea neno lake kwa siku moja au mbili. Kama hamjafanya biashara mara nyingi, pitieni benki. Na akikuambia teleksi imeshafanyika, usimwamini yeye wala muhuri uliogongwa juu ya picha. Piga simu ofisi ya wakala wa meli Dar, wakuthibitishie kwamba ujumbe umewafikia wao.

Wakati mnapatana, mwambie wakala wako wa forodha aanze kazi kwa nakala. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inataka mzigo utolewe tamko ndani ya siku 21 tangu meli ianze kuupakua. Kodi na ukaguzi vinaweza kwenda mbele, na orijino itahitajika utakapokwenda kwa wakala wa meli kuchukua DO, yaani hati ya kuruhusu mzigo utolewe.

Ukishaikabidhi orijino, ujue umejiingiza kwenye mkataba. Muuzaji ndiye aliyekodi nafasi kwenye meli, na baina yake na meli BL ni ushahidi tu wa walichokubaliana. Kwako wewe, uliyeipokea kwa kusainiwa, kilichoandikwa kwenye BL ndicho mkataba wenyewe, hata yale maandishi madogo ya mgongoni. Soma mambo mawili kabla hujalipa. La kwanza, nauli imelipwa China au inakusubiri Dar? Imeandikwa mbele. La pili, nani amesaini kama mbebaji? Kama ni wakala wa kukusanya mizigo na si kampuni ya meli, basi karatasi uliyo nayo ataitambua mwenzake wa hapa Dar, na kampuni ya meli haitaitambua kabisa. Tozo za kuchelewesha kontena nazo ziko kwenye vile vifungu vya nyuma, na mbebaji atamdai aliyechukua mzigo.

Tuje kwenye vigae vilivyovunjika. BL ni stakabadhi pia, lakini stakabadhi ya kile ambacho mbebaji alikiona. Kontena lilijazwa na kufungwa kiwandani, na meli ililipokea likiwa na lakiri. Ndiyo maana kabla ya maelezo ya mzigo utaona SAID TO CONTAIN, kisha, tuseme, katoni 900. Maneno hayo yanasema mtumaji ndiye aliyedai zimo 900, na mbebaji hakuzihesabu. BL safi, isiyo na maoni ya kasoro, inathibitisha kontena lilionekana zima kwa nje. Haisemi lolote juu ya kigae kilicho ndani.

Kwa hiyo kabla hujakata lakiri, piga picha namba yake ukiwa na wakala wako, uilinganishe na namba iliyo kwenye BL. Zunguka kontena, piga picha pande zote na paa. Namba ikiwa ile ile, kontena halina tundu wala mbonyeo, halafu ndani katoni zimelaliana bila mbao za kuzikaza, kosa ni la upakiaji, na unamdai muuzaji kwa mkataba wenu wa mauziano. Ukuta ukiwa umebonyea mahali pale pale vigae vilipovunjika, au lakiri ikiwa nyingine, simamisha kazi. Ita mkaguzi wa mizigo, mjulishe na wakala wa meli alete wake.

Andika barua ya madai siku hiyo hiyo. BL nyingi zinafuata Kanuni za Hague za mwaka 1924 au marekebisho yake, zinazotaka uharibifu usioonekana kwa nje uarifiwe ndani ya siku 3 na kesi ifunguliwe ndani ya mwaka mmoja. Kanuni za Hamburg za 1978, ambazo Tanzania na Kenya ni wanachama, zinatoa siku 15 na miaka 2. Usikae ukibishana ni zipi zinakuhusu. Fuata muda mfupi, na barua yako igongwe muhuri wa kupokelewa katika ofisi ya wakala wa meli kabla siku 3 hazijaisha.