Pamba au poliesta jikoni?

"Napika nimevaa dera la poliesta na kanga juu yake. Nimeambiwa nivae pamba tu. Kwani pamba haishiki moto?"

Inashika, tena upesi, hasa nyepesi kama kanga. Pindo likiwaka chini, moto unapanda, kwa kuwa joto lake linatangulia kupasha kitambaa cha juu. Poliesta hujikunja kuukimbia moto, ndiyo maana watu huiamini, lakini kwenye nyuzi 250 hivi inayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Mavazi yako mawili pamoja ni mabaya zaidi: pamba inageuka utambi unaoishikilia poliesta iliyoyeyuka iendelee kuwaka.

Vaa pamba nzito iliyobana, mikono ikunjwe juu ya kiwiko. Kanga ivue, ukiibakiza, ifunge imara, ncha uzichomeke ndani. Mkono mpana hushika moto zaidi unapopitisha mkono juu ya jiko la mbele kufikia la nyuma, basi zima la mbele kwanza.

— Lowesha kanga tu, haitawaka.

Kwa muda, ndiyo. Mbele ya jiko inakauka, na mvuke wake unaunguza.

— Langu la umeme, halina moto. Hainihusu?

Koili nyekundu inawasha kitambaa kikiigusa.

— Na nguo ikishawaka?

Usikimbie. Lala, funika uso, biringika. Kisha maji baridi ya bomba dakika 20, si barafu. Vua nguo, ila iliyoganda usiivute, waachie hospitali.