Noti za sura ya mito: mpindo mmoja, hatua tano, michoro mitano

"Niko kidato cha tatu, hapa Nairobi. Sura ya mito nimeisoma mara tatu na fasili zote nazijua, lakini swali likisema nieleze jinsi umbo fulani linavyotokea, naishia kueleza linavyoonekana tu. Nataka kugeuza noti ziwe hatua kwa hatua, na michoro niweze kuikumbuka. Nianzie wapi?"

Anzia kwenye mpindo wa mto na lile ziwa la umbo la upinde ambalo mto huliacha kando. Ndipo nilipoanzia na mpwa wangu mwaka juzi, mezani kwangu Umoja, naye alikuwa na shida hii hii. Noti zake zilisema: mto hupinda, kisha hukata shingo, kisha ziwa hubaki. Sentensi zote tatu ni kweli. Nikamuuliza, shingo inakonda kwa nini? Akanyamaza. Kitabu kilikuwa kimemweleza, ila sababu ilikuwa ukurasa mmoja na ziwa kurasa mbili mbele, naye alipofupisha aliacha sababu akabeba majina.

Kwa hiyo tukawekeana sharti moja. Kila hatua ianze na kile ambacho hatua iliyotangulia imeacha, na imalizike kwa kitu kilichobadilika mtoni. Sentensi isiyobadilisha kitu inahamia kwenye maelezo ya mchoro.

Kabla ya kuandika chochote, elewa kwa nini ukingo mmoja wa mpindo hulika na mwingine hujazwa mchanga, maana hapo ndipo mnyororo wote unapofungwa. Chukua glasi ya maji, tia majani ya chai yaliyokwisha kulowa na kuzama, koroga kwa kijiko, kisha toa kijiko. Ungetarajia majani yatupwe pembeni. Yanakusanyika katikati, chini. Maji yanapozunguka husukumwa nje na kurundikana kidogo kwenye ukuta wa glasi, lakini yale ya chini kabisa yanakwenda polepole kwa kusuguana na kitako, hivyo yanasukumwa kurudi katikati na kuyakokota majani. Albert Einstein alitumia mfano huu huu mwaka 1926 alipoeleza kwa nini mito hupinda. Kwenye mpindo, ukuta wa glasi ni ukingo wa nje, na katikati ya glasi ni ukingo wa ndani. Mpwa wangu alipoona majani yanatulia pale katikati, hakuchanganya tena kingo hizo mbili.

Sasa hatua zenyewe, karibu kama tulivyoziandika.

Ya kwanza: mto ulio kwenye tambarare una kona ndogo, na mkondo wenye kasi zaidi unaelemea ukingo wa nje. Mchoro: tazama kutoka juu, mistari miwili inayokwenda pamoja na kupinda kidogo, mshale wa mtiririko katikati, na mshale mnene unaogusa ukingo wa nje.

Ya pili: kwa kuwa kasi iko nje, maji yanakula ukingo ule kwa chini, udongo wa juu unakosa mhimili na kuporomoka, linabaki genge dogo lililosimama. Wakati huohuo mkondo wa chini unapeleka mashapo upande wa ndani, na kwa kuwa huko kasi ni ndogo, yanatua na kuwa fungu la mchanga. Hapa usichore kutoka juu. Chora mkato kutoka ukingo mmoja hadi mwingine: nje ukuta wima na kina kirefu, ndani mteremko wa taratibu wenye nukta za mchanga. Mkato ule ukitoka kama bakuli lenye pande sawa, bado hujaielewa hatua ya pili, rudi kwenye glasi.

Ya tatu: kwa kuwa nje panalika na ndani panajazwa, mpindo unasogea na kukua, na mipindo miwili jirani inakaribiana. Ardhi iliyo kati yao inakonda, ndiyo shingo. Mchoro: kutoka juu, mto wenye umbo la kiatu cha farasi, herufi S ikiwekwa penye shingo, na mishale miwili midogo ikiikabili kutoka pande zote mbili. Hiyo mishale ndiyo jibu la swali nililomuuliza.

Ya nne: shingo ikiwa nyembamba, mafuriko yanapita juu yake na kuikata. Njia mpya ni fupi, lakini mto unashuka kimo kilekile, kwa hiyo mteremko ni mkali zaidi na maji mengi yanafuata huko. Mchoro: kiatu kilekile, njia iliyonyooka ikipita penye S, mshale mnene kwenye njia mpya na mwembamba kwenye mpindo wa zamani.

Ya tano: maji katika mpindo wa zamani yamepungua kasi, mashapo yanatua kwenye midomo yake miwili hadi inazibika. Ziwa limetengana na mto. Baadaye hujaa matope na mimea, likaweza kukauka. Mchoro: mto ulionyooka, kando yake upinde usiougusa, na nukta za mashapo mahali palipokuwa midomo. Mfano wa hapa kwetu uko Tana ya chini, maziwa kama Shakababo na Bilisa.

Watu wengi huikosea hatua ya tano. Wanachora ziwa bado limeshikana na mto, au wanaruka kuziba midomo kana kwamba ziwa huzaliwa siku ya mafuriko. Shingo inaweza kukatwa kwa mafuriko mamoja, ila kuziba ni kazi ya muda.

Baada ya kuandika, tulipima. Mpwa wangu alimsomea binamu yake maelezo ya michoro kwa simu, bila kumwambia ni umbo gani, naye akachora na kutuma picha. Mchanga ulikuja ukingo wa nje. Tukaangalia maneno yetu: tulikuwa tumeandika "upande wa kushoto". Kushoto ni kwa anayetazama mto unapokwenda, au kwa anayetazama karatasi? Na mpindo unaofuata unageuka upande mwingine kabisa. Tukafuta kushoto na kulia kote, tukaweka ndani na nje. Mara ya pili picha ilirudi sawasawa. Fanya jaribio hilo na mtu asiyesoma jiografia, ndiye atakayekuonyesha neno lenye utata.

Majina ya maumbo yaandike pembeni ya kila mchoro kama kitabu chako kinavyoyaandika, kwa sababu mtihani utayataka hivyo. Sababu ziache kwa lugha unayofikiria, kisha uzigeuze siku ya mazoezi ya kuandika majibu.

Ukimaliza mpindo, nenda kwenye maporomoko ya maji, lakini jihadhari: mnyororo wake haunyooki. Mwamba mgumu uko juu, laini chini. Laini unaliwa, mgumu unaning'inia kisha kuanguka, poromoko linarudi nyuma, na mwamba mgumu uko juu tena. Hatua ya mwisho ni ya kwanza. Chora mshale wa kurudi kwenye noti zako, na pembeni ya mchoro wa mwisho weka alama ya mahali poromoko lilipokuwa kwenye mchoro wa kwanza, ili urefu wa kurudi nyuma uonekane.