Mume anamuuliza mkewe kama anampenda

"Miaka mingi nyuma niliona filamu ya nyimbo. Mzee mwenye ndevu anamuuliza mkewe kama anampenda, mama anamjibu kwa kuimba kuhusu kufua, kupika na kukamua ng'ombe. Kuna 'miaka ishirini na tano'. Wimbo gani huo?"

Ndugu, huyo ng'ombe ndiye aliyekusaidia. Ni Do You Love Me?, kutoka tamthilia ya muziki Fiddler on the Roof, iliyoanza Broadway mwaka 1964. Wewe bila shaka uliona filamu ya 1971, Topol akiwa Tevye muuza maziwa.

Hakikisha kwa kinachotangulia wimbo. Tevye ametoka kumkubali Perchik amchumbie binti yake wa pili, Hodel, kwa sababu wawili hao wanapendana. Anakwenda kumweleza mkewe Golde, halafu swali linamgeukia mwenyewe, maana wao walionana mara ya kwanza siku ya harusi. Golde kwanza anamwona kama mtu aliyevimbiwa, amwambie akalale! Kama uliyoona yalikuwa harusini, wazazi wakishangaa watoto walivyokua, basi huo ni Sunrise, Sunset wa tamthilia hiyohiyo.

Ukitafuta jina peke yake utaletewa wimbo wa dansi wa The Contours wa 1962. Andika hivi:

```
"Do You Love Me" Tevye Golde 1971
```

Mwishoni wanakiri kwamba wanapendana, ila wanasema hilo halibadilishi kitu. Ukisikia hivyo, umeupata.